Kitufe cha Paskalina

Asubuhi za Juni hapa Iyunga, Mbeya, ukungu unashuka mpaka kwenye barabara kuu, na malori yanapita ndani yake kama yanaogelea. Unaona taa, halafu unasikia mlio, halafu hakuna kitu. Asubuhi moja ya namna hiyo ndipo ujumbe wa Paskalina ulipofika. Ulikuwa na maneno mawili tu: *Haifanyi kazi.*

Ulifika kwenye kompyuta ya mjukuu wangu Amna, katika chumba cha mbele cha nyumba yangu. Zamani chumba hicho kilikuwa duka langu la vitenge. Macho yalipoanza kuchoka nikafunga duka, na Amna na mwenzake Hamza wakaomba wakae humo na kompyuta zao. Wametengeneza programu ya simu kwa ajili ya wakulima wa nyanya wa Ilula, inaitwa Tenga Langu. Kila asubuhi lori la umoja wa wakulima linapita Ilula likielekea Dar es Salaam. Mkulima mwenye nyanya anafungua programu, anaandika ana matenga mangapi, anabonyeza kitufe kilichoandikwa *Omba nafasi*. Kuanzia alfajiri saa kumi na mbili kitufe kinakuwa cha kijani. Ikifika saa nne maombi yanafungwa na kitufe kinakuwa cha kijivu, hakibonyezeki tena mpaka kesho yake. Asiyeomba, lori halisimami kwake. Hamza ndiye anayeandika yale mambo ya ndani ya programu. Amna ndiye anayewajibu watu wakikwama.

Mimi nakaa pembeni kwenye kiti changu kilekile cha dukani, nachambua maharage. Mara nyingine nafumba macho na wao wanadhani nimelala. Mara nyingine nimelala kweli, na maneno yao yananifuata usingizini, yananukia karanga na mvua kama vitambaa vipya.

Hamza aliusoma ule ujumbe begani kwa Amna akacheka. Akasema huyu ni kama mgonjwa anayeingia hospitali, anamwambia daktari naumwa, halafu anageuka anaondoka. Akasema auache tu, mtu akikwama kweli atarudi. Amna alikuwa na barua yake ya kuwatumia watu wa aina hiyo, ndefu, yenye maswali mengi yanayofuatana: simu yako ni ya aina gani, toleo la programu ni lipi, mtandao gani, umewahi kuzima na kuwasha, na mengine ambayo hata mimi nilichoka kuyasikia akiyasoma. Akaibandika, akaituma.

Jibu likaja baada ya muda. *Nimeshasema haifanyi kazi.*

Basi ikawa kimya. Ukungu ukapanda mlimani, jua likatoka, na yule mtu wa Ilula akapotea kama lori lililopita.

Kesho yake akatuma picha, bila neno hata moja. Picha ilikuwa ya matenga ya nyanya yaliyopangwa chini ya banda la majani ya mgomba. Amna aliniletea simu nione, maana anajua napenda picha. Zilikuwa nyanya nzuri, nyekundu mpaka zinang'aa kizani, lakini zile za matenga ya juu zilianza kupasuka na kutoa maji, na kuku mmoja alikuwa amesimama pembeni anasubiri.

Amna alikaa akiitazama ile picha. Kisha akatafuta namba kwenye orodha ya umoja akajua ni nani: Paskalina, mkulima wa Ilula, shamba lake liko nyuma ya soko. Kwenye kompyuta yao alionekana ameomba nafasi vizuri msimu mzima, halafu ghafla hakuna ombi tena. Amna akamwambia Hamza, huyu hakuacha kuvuna. Nyanya zake zinaoza.

Nikauliza kwa nini wasimwandikie nafasi wao wenyewe humu ofisini. Hamza akanieleza kwa upole kwamba umoja uliwakataza. Msimu uliopita madalali walikuwa wanapiga simu, wanabembeleza, matenga yao yanaingizwa mbele ya matenga ya wakulima. Tangu hapo ombi lazima litoke kwenye simu ya mkulima mwenyewe. Nikamwambia, "Sawa mume wangu, basi simu ya mkulima mwenyewe muitibu," akacheka akarudi kwenye kazi yake.

Amna akapiga. Ilikuwa mchana, jua limekaa dirishani. Akaweka sauti kubwa ili Hamza asikie, na mimi nikasikia pia. Akamwamkia kwa Kihehe alichojifunza siku walizokwenda Ilula kufundisha watu programu.

"Kamwene, mama."

"Kamwene," ikajibu sauti ya mwanamke, na nyuma yake upepo na mtu anayekohoa. "Wewe ndiye wa yale maswali?"

Amna akasema ndiye, na akamwomba msamaha, akasema yale maswali ayasahau. Akamwambia, "Mama, nisimulie tu kama unanisimulia safari. Asubuhi umeshika simu. Halafu?"

Paskalina akasimulia. Akishakunywa chai anashika simu, anabonyeza pale penye picha ya tenga, programu inafunguka bila shida, jina lake lipo. Anaandika idadi ya matenga. Anabonyeza Omba nafasi.

"Halafu?"

"Halafu hakuna."

Amna akamuuliza yeye alitegemea kuona nini. Akasema kawaida linatokea neno Umepokelewa, na namba yake ya foleni. Siku hizi halitokei. Amna akauliza je, hakuna maandishi mengine yoyote yanayotokea badala yake, labda mekundu, labda kisanduku.

"Mwanangu, kingetokea kitu ningekuandikia hicho kitu. Hakitokei kitu. Ndiyo maana nilikwambia haifanyi kazi."

Nilimwona Amna akishusha kalamu. Yule mama alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza. Hapakuwa na la kuongeza katika kile alichokiona, ila hakuna aliyemuuliza alichofanya kabla hajakiona.

Wakaendelea polepole. Simu yake ilikuwa ya kawaida, ya aina ambayo nusu ya Ilula wanayo, na toleo la programu lilikuwa jipya. Wenzake wanaotumia simu za namna hiyo? Wao wanaomba vizuri, akasema Paskalina, jirani yake Ezron aliomba asubuhi ileile na lori likasimama mlangoni kwake, likapita kwake yeye kama halimjui. Tangu lini? Tangu wiki ya Jumapili ya ubarikio wa watoto kanisani. Kuna kitu amebadilisha kwenye simu siku hizo? Hajabadilisha kitu.

"Hicho kitufe kina rangi gani ukikibonyeza asubuhi?" Amna akauliza.

"Rangi ya majivu. Ngoja." Tukasikia anahangaika na simu. "Sasa hivi ni kijani."

Hamza aliinua kichwa. Amna akafungua programu kwenye simu yake mwenyewe, akanionyesha hata mimi. Kitufe kilikuwa cha kijivu, kama inavyotakiwa kwa saa ile. Saa nne ilikuwa imepita zamani.

"Mama, huwa kinakuwa kijani mchana hivi?"

"Mchana mara nyingi. Lakini nibonyeze ili iweje? Mchana lori limeshateremka mlima wa Kitonga."

Hamza akasema anajua, hiyo ni programu imeshika picha ya zamani tumboni mwake, inamwonyesha ya jana. Akamwelekeza aifute kabisa kwenye simu, aipakue upya, aingie tena kwa namba yake. Akasema itakuwa imekwisha. Amna hakuonekana kuridhika. Kabla ya kukata akamwomba mama jambo moja: asubuhi akibonyeza, kama bado kijivu, ampigie picha ya kioo cha simu, siyo ya nyanya. Akamfundisha, kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti kwa pamoja. Paskalina akajaribu mara mbili tatu tukisikia. Kisha akasema kitu ambacho kilibaki chumbani hata baada ya simu kukatika. Akasema mchumo huu wa kesho ndio wa mwisho kwa shamba lile, matenga ya kwanza ameshawapa kuku na nguruwe, na mchumo huu nao lori likiupita, mwaka wake umeishia hapo.

Nilipumzika baada ya adhuhuri nikaota. Niliona matenga yanatembea yenyewe kwenye ukungu, yamefuatana kimya, yanakuja mpaka kwenye duka langu la zamani na kugonga mlango. Mimi niko ndani, nasikia, nataka kufungua, lakini ndani ni usiku na mtoto amelala, nami naogopa kumwamsha. Nikachungulia kwenye tundu la ufunguo, nikaona kule nje ni asubuhi kweupe. Niliamka na mdomo mkavu, nikanywa maji, nikasali. Sikumwambia mtu.

Asubuhi ya tatu ukungu ulikuwa mzito kupita yote. Hamza aliingia na matone ya maji kwenye nyusi. Amna alikuwa ameshakaa, hajagusa chai yake. Ilipofika saa mbili na dakika kidogo simu yake ikalia mlio mfupi, na picha ikaingia.

Safari hii ilikuwa ya kioo. Jina la Paskalina, idadi ya matenga, na chini kile kitufe, cha kijivu, hakina neno chini wala juu. Programu mpya, iliyopakuliwa jana, na bado imelala.

Wakaikodolea macho wote wawili. Hamza akasema haoni kitu. Mimi nilikuwa namwaga maharage mabovu kwenye sinia, nawaangalia wakiangalia. Amna akaikuza picha kwa vidole, akaenda juu kabisa, kwenye kona zile zenye alama ya betri na mtandao. Pale palikuwa na saa ya simu. Ilisema 2:07.

"Hii si ya sasa," Hamza akasema. "Kaipiga jana mchana."

"Jana mchana kilikuwa kijani. Umesahau?"

"Basi kaipiga usiku wa manane. Usiku lazima kiwe kijivu, mlango umefungwa. Hana tatizo huyu, hana usingizi tu."

Amna akaangalia kwenye simu yake mwenyewe ujumbe uliingia saa ngapi. Pale palisema 8:07. Akampigia Paskalina saa ileile, hata salamu aliifupisha, akamuuliza picha ameipiga lini.

"Sasa hivi, mwanangu. Nimesimama shambani, jua limenipiga usoni."

"Mbona simu yako inasema mbili?"

Paskalina akajibu kama mtu aliyeulizwa jina lake na ndugu yake. "Si ni saa mbili?"

Nje lori likapita, kioo cha dirisha kikatetemeka. Nilimwona Amna anafumba macho na kufumbua, na Hamza anakaa chini polepole.

Basi Paskalina akaeleza, na alieleza kwa furaha maana kwake hilo halikuwa tatizo, lilikuwa jambo jema alilolifanya. Anakaa na mama mkwe wake, Bibi Apolonia, ambaye ana presha. Vidonge vyake anatakiwa ameze saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Herufi hajui ila namba anazijua. Redio iliharibika, akawa anaangalia simu ya mkwewe. Asubuhi ikifika saa mbili simu inaandika nane, na bibi akiona nane anasema bado, anangoja mpaka iandike mbili, ambayo ni saa nane mchana. Siku moja alianguka uani. Ndipo Paskalina akaipeleka simu kwa Vitus, fundi wa pale stendi, akamwambia amfanyie simu iseme saa kama watu wanavyosema. Vitus hakutaka kugusa saa yenyewe, akasema akiirudisha nyuma kwa mkono meseji zitachanganyikiwa. Akaingia mahali palipo na orodha ya miji ya dunia, akawa anachagua mmoja baada ya mwingine mpaka akapata mji ambao saa mbili ya Ilula, kwao ni mbili kweli. Mji wa Brazili. Tangu siku hiyo bibi anameza dawa kwa wakati na hajaanguka.

"Na ilikuwa wiki ya ubarikio," Amna akasema.

"Wiki hiyohiyo. Lakini sijabadilisha kitu, mwanangu. Simu ni ileile."

Nikaelewa hata mimi. Ile simu ilikuwa mfukoni mwa Paskalina, ndani ya khanga, katikati ya nyanya, lakini yenyewe iliamini iko ng'ambo ya bahari kwenye mji uliolala. Asubuhi ya Ilula ilikuwa usiku wake. Mwenye simu anabonyeza kwenye jua, na programu inamtazama yule mtu wa Brazili anayebonyeza usiku wa manane, inamwona hana akili, inanyamaza. Mchana Ilula inapochoka, kule kunapambazuka, na kitufe kinaamka kijani, kinangoja lori ambalo limeshapita.

Amna akaangalia saa. Akamwambia Paskalina aingie kwenye mipangilio ya simu, mahali pa saa na tarehe, arudishe mji uwe wa hapa kwetu. Akamweleza hatua kwa hatua. Halafu tukasikia upepo tu.

"Mama, umefika?"

"Nimefika." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nikiurudisha, mama atasoma nini?"

Sikutegemea Hamza ndiye angejibu. Aliinama kwenye simu ya Amna akasema, "Mama, shikamoo. Mimi ndiye niliyetengeneza hicho kitufe. Rudisha mji sasa hivi, uombe nafasi, ukishapokelewa mrudishie bibi Brazili yake. Mengine niachie mimi."

"Utafanyaje?"

"Nitafanya kisikuulize tena uko wapi."

Tukasikia anahema. Kisha akasema mji umerudi. Akasema kitufe kimekuwa kijani, na alisema taratibu, kama anayemwonyesha mtu ndege asije akaruka. Akabonyeza. Ikapita kitambo kidogo cha mtandao wa asubuhi. Amna aliishika meza.

"Umepokelewa," Paskalina akasoma. "Wa tano kwenye foleni."

Amna aliweka simu mezani akajifunika uso na mtandio. Nikamsogezea chai yake, ilikuwa imepoa, akainywa hivyohivyo.

Kabla ya adhuhuri Paskalina alipiga tena mwenyewe. Lori lilikuwa limesimama, wapakiaji wameweka juu yale matenga mazuri, na yaliyopasuka amewabakizia kuku. Brazili imesharudi kwenye simu na mama mkwe wake anasalimia, ametaka kujua kama huyo binti wa Mbeya ameolewa.

Hamza aliandika mchana kutwa. Alinieleza nilipomuuliza, maana nilitaka kujua kosa lilikuwa wapi. Akasema yeye alitaka kuwaokolea watu bando, akaona kila simu ina saa yake, kwa nini programu iende mpaka mtandaoni kuuliza saa. Sasa kufungua na kufunga kutaulizwa kwenye kompyuta yao kuu peke yake, ambayo inajua saa ya Ilula, hata simu ijidhanie iko mji wowote. Na chini ya kitufe akaweka maneno, kikiwa kijivu kiseme kwa nini: maombi yamefungwa, yatafunguliwa alfajiri saa kumi na mbili. Akasema kama maneno hayo yangekuwepo tangu mwanzo, Paskalina angeyaandika kwenye ujumbe wake wa kwanza, na yeye Hamza asingepata nafasi ya kucheka.

Amna naye akaifuta ile barua yake ndefu. Nilimwona akiandika nyingine, anafuta, anaandika, mpaka ikabaki fupi kiasi cha kusomeka ukiwa umebeba ndoo. Alinisomea. Inamwomba mtu aseme alikuwa anafanya nini, alitegemea kuona nini, na aliona nini badala yake, hata kama hakuona kitu. Aseme simu yake ni ipi na shida ilianza lini. Na apige picha ya kioo palepale inapotokea, kioo chote, mpaka kona za juu. Nikamwambia aongeze salamu mwanzoni. Akaongeza.

Toleo jipya walilituma kwa watu wiki iliyofuata. Asubuhi yake ukungu ulikuwa umekaa mlangoni, na mimi nimekaa nao, namsubiri Amna amalize kufagia. Ilipopita saa mbili simu yake ikalia mezani. Akanyoosha mkono akatazama, kisha akaniletea, maana anajua napenda picha.

Ilikuwa ya kioo. Jina la Paskalina, na chini yake kitufe, kijani kama jani la nyanya lililonyeshewa. Nikaikuza kwa vidole kama nilivyomwona yeye akifanya, nikaenda polepole mpaka kwenye kona. Saa ilisema 2:10.

Paskalina hakuandika neno.